Mtoto ana mabaka yenye unga, baba yake mdogo ana kipara laini: je, wameambukizana?

*Habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, kilo 18, yuko darasa la kwanza. Tangu mwezi uliopita nywele zimemtoka sehemu tatu kichwani, panamuwasha na pana unga mweupe. Dukani walinipa tyubu ya krimu. Wiki ya kwanza pakatulia, nikafurahi. Nilipoacha kupaka pakarudi kwa kishindo. Sasa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, miaka 28, tunaishi naye, ametokewa na kipara cha duara kisogoni, laini kabisa, na kingine kidogo kwenye ndevu. Yeye hawashwi. Wote wawili hunyolewa kwa kinyozi mmoja. Mama mkwe anasema mtoto ndiye kamwambukiza baba yake mdogo, na anataka tuwasugue wote kitunguu saumu. Mwalimu naye kasema mtoto asirudi shule mpaka apone. Nifanyeje?*

*Mama wa watatu, Morogoro*

Dada, kwa maelezo yako hapo nyumbani kuna magonjwa mawili, wala si moja lililohama kichwa. Ya mtoto yanaelekea kabisa kuwa mapunye, yaani fangasi wa kichwani, ambao Wakenya wengi huwaita mashilingi. Ya shemeji yako yanaelekea kuwa alopesia areata. Huo ni ugonjwa ambao kinga ya mwili wa mtu inageuka na kushambulia mizizi ya nywele zake mwenyewe. Hakuna kijidudu ndani yake, kwa hiyo hakuna cha kuambukiza wala kuambukizwa. Kinyozi anaweza kulaumiwa kwa mtoto, lakini kwa shemeji yako hana hatia.

Kitunguu saumu wekeni jikoni. Kikisagwa na kuachwa kwenye ngozi kinaunguza kama moto, malengelenge yanatoka, na ngozi iliyoungua vibaya huacha kovu. Nywele hazioti juu ya kovu. Mtakuwa mmegeuza ugonjwa unaopona kuwa kipara cha maisha.

Tusikutake utuamini tu kwa maandishi, maana kuna mengi unayoweza kuyaona mwenyewe. Mkalishe mtoto nje kwenye jua la asubuhi, kichwa kikiwa kikavu, hakijapakwa mafuta wala mafuta ya mgando kwa siku mbili. Mafuta yanalaza magamba na kumfanya mtu aone ngozi inayong'aa, akadhani ni safi. Na usimnyoe kwanza. Watu wengi humpeleka mtoto kwa kinyozi akanyolewa upara ndipo wamlete hospitali ili "daktari aone vizuri", kumbe alama kubwa kuliko zote imeshabaki sakafuni kwa kinyozi.

Alama hiyo ni visiki vya nywele. Kwenye mapunye nywele haitoki na mzizi wake. Fangasi anaila mpaka inakatika. Kama ni fangasi wa jamii ya Trikofitoni, anaishi ndani ya unywele wenyewe, nao unakatika sawasawa na ngozi, ukiacha kidoti cheusi. Ukisogeza simu karibu, ukawasha tochi na kukuza picha, utaona bakani vidoti vingi vyeusi kama vimechovywa kwa ncha ya kalamu. Kama ni wa jamii ya Mikrosporamu, unywele unakatika milimita chache juu ya ngozi, na baka zima linaonekana la kijivu lenye vinywele vifupi vilivyopauka. Kisha kwaruza taratibu kwa mswaki laini wa zamani juu ya kitambaa cheusi: magamba yatadondoka. Mwisho papasa shingo yake kwa nyuma, chini tu ya mfupa wa kisogo na nyuma ya masikio. Mtoto mwenye mapunye mara nyingi ana vitezi vilivyovimba hapo. Magamba, visiki na vitezi vikikutana kwa mtoto wa umri huo, daktari mzoefu anaanza dawa hata kabla majibu ya maabara hayajarudi.

Mtazame na shemeji yako kwa mwanga uleule. Kipara cha alopesia areata ni laini, rangi ni ileile ya ngozi yake, hakuna gamba, hakuna kidoti kilichochomoza, na vitundu vya nywele bado vinaonekana. Angalia pembezoni, pale nywele zinapoanza. Ugonjwa ukiwa unaendelea utakuta vinywele vifupi vilivyonenepa juu na kuchongoka kadiri vinavyoshuka kwenye ngozi. Vikivutwa kidogo vinatoka bila maumivu. Mwambie akuoneshe kucha pia. Baadhi ya wenye ugonjwa huu kucha zao zina vishimo vidogo vilivyojipanga kama vilivyotobolewa kwa sindano. Kipara kwenye ndevu kinaunga mkono hilohilo: fangasi akiingia kwenye ndevu hufanya fujo, ngozi huwa nyekundu au nyeusi, pana magamba na vipele vya usaha, na panauma. Ngozi laini na tulivu kwenye ndevu si tabia yake.

Umri nao unasema. Mapunye ni ugonjwa wa watoto kabla ya kubalehe. Baada ya hapo ngozi ya kichwa hutoa mafuta yenye asidi ambazo fangasi hawa hawazipendi, ndiyo maana baba na mtoto wanaweza kulala mto mmoja na mtoto peke yake akaugua. Ila usilishike hilo kama sheria. Mwanamke aliyekoma hedhi, mtu anayemeza dawa za kushusha kinga, au mwenye VVU ambaye kinga imeshuka, anaweza kupata mapunye ukubwani. Bibi mwenye "mba" isiyosikia dawa na nywele zinazokatika anastahili kupimwa fangasi kama mjukuu wake. Na upande wa pili, alopesia areata inawapata watoto pia, hata wadogo. Kwa hiyo kinachoamua ni ngozi: kama ina gamba na visiki, au ni laini.

Sasa turudi kwenye ile tyubu, maana ndiyo iliyokuchezea akili. Lete maganda yake usome yaliyoandikwa. Tyubu nyingi zinazouzwa kwa "fangasi" zina dawa tatu ndani: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Ukiona betamethasoni, klobetasoli au deksamethasoni, hiyo ndiyo steroidi. Kazi yake ni kutuliza muwasho na wekundu kwa kuizuia kinga ya ngozi isifanye kazi. Ndiyo sababu wiki ya kwanza ilionekana nzuri. Lakini kinga ikilazwa, fangasi anapata nafasi ya kutanuka kimyakimya, na ukiacha kupaka kila kitu kinaibuka kwa pamoja, kikubwa kuliko awali. Zaidi ya hapo, tyubu hizi humpoteza hata daktari, kwa kuwa zinafuta magamba na ngozi inabaki laini, ikaanza kufanana na alopesia areata. Kwa hiyo acha kupaka leo, na ukienda hospitali ichukue tyubu uwaoneshe.

Hata krimu ya fangasi isiyo na steroidi haiponyi mapunye peke yake. Krimu hubaki juu ya ngozi, wakati fangasi amefuata unywele mpaka chini ya ngozi, karibu na pale unywele mpya unapotengenezwa. Krimu inayoponya choa mkononi au tumboni haifiki huko. Lazima dawa ipite tumboni, iingie kwenye damu, ijengeke ndani ya unywele mpya tangu unapozaliwa, na unywele huo usukume nje ule mgonjwa. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, pengine pungufu kwa nywele zetu za kipilipili. Ndiyo maana tiba inahesabiwa kwa wiki nyingi, na ndiyo maana siku kumi na nne hazitoshi hata kama muwasho umekwisha.

Kabla ya kuanza vidonge, kama kuna maabara karibu, afanyiwe kipimo. Hawatoi damu. Wanakwangua magamba kidogo na kuchomoa visiki vichache kwa kibano, wanaviweka kwenye kioo na tone la potasi, kisha wanaangalia kwa hadubini. Majibu yanapatikana siku hiyohiyo. Sampuli ikiwa njema inaweza pia kuoteshwa ili ijulikane ni fangasi gani, lakini hilo huchukua wiki mbili hadi nne na halipatikani kila mahali. Tahadhari: nywele nzima zilizong'olewa nje ya baka hazina kitu, na kichwa kilichopakwa dawa ya fangasi wiki nzima kinaweza kutoa jibu la "hakuna" wakati yumo. Kuna pia ile taa ya zambarau inayowafanya baadhi ya fangasi wang'ae kijani. Inasaidia kwa aina kadhaa za Mikrosporamu. Kwa Trikofitoni wa vidoti vyeusi haioneshi chochote, hivyo taa isipong'aa haimaanishi mtoto hana fangasi.

Dawa za kumeza zilizozoeleka ni mbili. Ya kwanza ni griseofulvini, ya zamani na bado nzuri. Kwa mapunye hupewa kama miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa wiki sita hadi nane. Mwanao ana kilo 18, ukizidisha kwa 20 unapata 360, na kwa vidonge vya miligramu 125 hiyo ni vitatu kwa siku. Fanya hesabu ya wiki nane: vidonge 168. Ukitoka dukani na vidonge 28, umepewa tiba ya siku tisa, na hapo ndipo watoto wengi wanaposhindwa kupona, kisha dawa inasingiziwa kuwa haifanyi kazi. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kwa sababu tumbo tupu huipitisha bila kuinyonya ipasavyo. Kikombe cha maziwa yasiyotolewa mafuta, uji wa karanga au nusu parachichi vinatosha. Akishindwa kumeza, viponde uvichanganye na kijiko cha uji huo wa karanga. Anaweza kulalamika kichwa au tumbo siku za mwanzo, na awe mbali na jua kali kwa kuwa ngozi huungua haraka.

Ya pili ni terbinafini, ambayo kwa Trikofitoni inafanya kazi vizuri kwa muda mfupi zaidi. Mtoto wa kilo 10 hadi 20 hupewa miligramu 62.5 kwa siku, yaani robo ya kidonge cha 250, kwa wiki nne. Kwa mwanao ni vidonge saba tu kwa tiba yote, na haihitaji mafuta. Kasoro yake ni kwamba Mikrosporamu huishinda mara nyingi. Basi uchaguzi unakwenda hivi: ukiona vidoti vyeusi, terbinafini ni chaguo zuri; ukiona nywele za kijivu zilizokatika juu ya ngozi, taa ikang'aa kijani, au kuna kitoto cha paka nyumbani chenye manyoya yaliyonyonyoka, griseofulvini. Mkishindwa kujua ni yupi, griseofulvini inawagusa wote wawili. Hesabu hizi zipeleke kwa daktari au afisa tabibu amwangalie mtoto na kuandika cheti. Mtoto aliyewahi kuwa na manjano au ugonjwa wa ini asianzishwe dawa yoyote kati ya hizi bila kuchunguzwa. Griseofulvini haipewi mjamzito kabisa, ikitokea kuna mwingine mwenye mapunye hapo ndani.

Pamoja na vidonge kuna shampuu: ketokonazoli ya asilimia 2 au seleniamu salfaidi ya asilimia 2.5, mara mbili kwa wiki. Lowesha kichwa, paka mpaka itoe povu, hesabu dakika tano ndipo usuuze. Shampuu haiponyi. Inaua mbegu za fangasi zilizoko juu ili asizimwage kwenye mto na kofia. Wadogo zake na kaka zake wakaguliwe jua lilelile, na hata wakionekana wazima waoshwe kwa shampuu hiyo kwa wiki kadhaa. Mtoto anaweza kubeba mbegu hizo bila baka lolote, ukatibu mmoja na mwingine akamrudishia.

Kuhusu shule, mwalimu ana nia njema lakini amezidisha. Mtoto akishaanza vidonge na shampuu anaruhusiwa kurudi darasani. Kumfungia nyumbani wiki nane ni kumpotezea muhula. Asiazimane kofia, na dada mkubwa kama anasukwa awe na kitana chake. Vitana na brashi zioshwe kwa sabuni, kisha zilowekwe dakika kumi kwenye maji yenye Jik: sehemu moja ya Jik ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji. Foronya na kofia zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa.

Kwa kinyozi, tatizo liko katikati ya meno ya mashine. Kuifuta kwa pamba yenye spiriti wakati nywele za mteja aliyepita bado zimekwama katikati ya vile vyuma viwili ni kuifuta juujuu. Kwanza mashine izimwe, meno yafunguliwe, nywele zipigwe brashi zote zitoke, ndipo spiriti ya asilimia 70 ipakwe na iachwe ikauke yenyewe. Kile kisanduku chenye taa ya buluu ambacho vinyozi wengi wanacho hakitoshi, kwa kuwa mwanga huua panapoangaza tu, na chini ya unywele uliokwama hapaangazi. Suluhisho rahisi ni kununua mashine ndogo yenu ya nyumbani. Na wakati wa tiba kumnyoa upara si lazima. Kupunguza nywele ziwe fupi kunasaidia shampuu ifike.

Mambo mawili yanaweza kukutisha katikati ya safari. Siku chache baada ya kuanza dawa, mtoto anaweza kutokwa na vipele vidogo vinavyowasha kwenye masikio, usoni, shingoni na kifuani. Wazazi hukimbilia kusema dawa imemkataa na kuiacha. Mara nyingi ni mwili unaojibu mabaki ya fangasi wanaokufa, dawa inaendelea, na muwasho unatulizwa kwa dawa ya mzio. Ila kama midomo inavimba, anapumua kwa shida, ngozi inababuka, au macho yanageuka manjano, hapo acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo. La pili ni baka kuvimba likawa jipu laini, lenye kubonyea, linalotoa usaha kwenye matundu mengi, nywele zikitoka bila kuvutwa. Linaitwa kerioni. Linafanana na jipu la kawaida na watu hulipasua, jambo ambalo halifai. Usaha huo umetokana na mwili kupigana na fangasi, kwa hiyo kisu hakisaidii na sindano za antibaiotiki peke yake hazisaidii. Dawa yake ni vidonge vilevile vya fangasi, vianze haraka, kwa sababu kerioni ikicheleweshwa huacha kovu na nywele hazirudi.

Shemeji yako mpeleke kwa utaratibu wake. Aombe kwanza kipimo cha kaswende, asione aibu. Kaswende ya hatua ya pili hung'oa nywele kwa mabaka kichwani na hata kwenye ndevu bila magamba. Kwa kawaida huwa mengi, madogo na yenye kingo zisizo safi, lakini kipimo ni rahisi na kosa lake ni ghali. Pia aulizwe kuhusu dalili za tezi la shingo na mabaka meupe ya ngozi, kwa sababu magonjwa haya ya kinga huandamana.

Kikiwa ni alopesia areata, vipara viwili vidogo kwa mtu mzima vina matumaini: kati ya theluthi na nusu ya wagonjwa wa namna hiyo nywele hurudi zenyewe ndani ya mwaka. Kungoja ni uamuzi halali kabisa. Asipotaka kungoja, tiba ya kawaida ni sindano ndogondogo za triamsinoloni ndani ya ngozi ya kipara chenyewe, tone moja kila baada ya sentimita moja, zikirudiwa kila wiki nne hadi sita. Hapa kuna jambo la kulikagua. Dawa hii huja kwenye kichupa cha miligramu 40 kwa mililita moja, na kwa kipara cha kichwa inatakiwa ipunguzwe makali, kwa mfano mililita moja ichanganywe na saba za maji ya chumvi ya sindano ipatikane miligramu 5 kwa mililita. Kwenye ndevu hupunguzwa zaidi, hadi 2.5. Ikichomwa bila kupunguzwa ngozi hubonyea na kupauka, na kwenye ngozi nyeusi weupe huo unaonekana mtaa mzima. Sindano kubwa ya takoni au vidonge vya steroidi kwa miezi si mbadala wake. Nywele zinaweza kuota kwa dawa hizo, kisha zikatoka tena dawa ikikoma, huku shinikizo la damu na sukari vikiwa vimepanda. Nywele mpya zikichomoza nyeupe asishtuke. Rangi kwa kawaida hufuata baadaye. Vipara vikizidi kuongezeka, vikazunguka kisogo toka sikio hadi sikio, au nyusi zikianza kutoka, arudi mapema, maana hiyo ni sura nzito ya ugonjwa. Vipo vidonge vipya vya kundi la barisitinibu, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa watu wazima wenye hali kali, lakini bei yake na vipimo vyake vya damu si vya vipara viwili.

Na kama ungekuta mtoto ndiye mwenye kipara laini? Kwa umri wake sindano hazifai kwa maumivu yake. Daktari humpa losheni kali ya steroidi ipakwe kwenye kipara tu kwa takribani miezi mitatu. Umeona sasa kwa nini hatutaki ubahatishe: dawa inayosaidia alopesia areata ndiyo ileile inayomlisha fangasi. Kumpa mtu mwenye alopesia areata dawa ya fangasi ni kupoteza fedha na wiki chache. Kumpa mtoto mwenye mapunye steroidi ni kumharibia kichwa. Pasipokuwa na uhakika, kipimo cha fangasi kitangulie.

Hapo Morogoro anzia hospitali ya rufaa ya mkoa na uulize kliniki ya ngozi. Nchini tuna maafisa tabibu waliosomea magonjwa ya ngozi katika kituo cha mafunzo kilichoko KCMC, Moshi, na mapunye ni kazi yao ya kila siku, hivyo usihangaike kwanza na safari ya Dar es Salaam. Panga kumrudisha mtoto wiki ya nne, mkiwa bado mna dawa mkononi, akaguliwe na ikiwezekana magamba yapimwe tena. Kinachoruhusu dawa ikome ni fangasi kutoonekana na magamba na visiki kwisha. Usingoje mabaka yajae nywele, maana hizo zitachukua miezi miwili mitatu zaidi kulingana na nyingine. Na kama wiki ya nane imefika bado kuna visiki vipya, usiongeze dawa kimyakimya: uliza kama alikuwa anaimeza na chakula chenye mafuta, kama kuna ndugu hajakaguliwa, na kama kile alichopewa kilimfaa fangasi aliye naye.